Karatasi ya vifaa vya saiti: namna ya kulinganisha kilichoagizwa, kilichofika na kilichotumika kwa kila kazi

Karatasi nyingi za vifaa ninazoletewa nizikague zina kosa moja. Safu ya "Imeagizwa" imejazwa vizuri, "Imepokelewa" imejazwa vizuri, na "Imetumika" imepatikana kwa kutoa: ilifika mifuko 58, stoo imebaki 24, basi imetumika 34. Hesabu ni sahihi, ila karatasi haina kazi tena. Mfuko ulioibwa, mfuko ulioganda kwa mvua na mfuko uliopelekwa kuziba karo la jirani, yote imeingia kwenye "imetumika", na hakuna atakayeiona.

Mwongozo huu unafuata njia nyingine: kilichotumika kinaandikwa siku kinapotoka stoo, kisha kinapimwa na kazi yenyewe iliyosimama. Mfano wote ni wa nyumba ya vyumba vitatu huko Kibaha, wakati kuta zinamalizika na lenta inamwagwa. Nitakaa zaidi kwenye saruji kwa sababu ndiyo inayopotea kimyakimya.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mchoro wenye vipimo, au walau vipimo ulivyochukua mwenyewe kwa futi kamba.
- Vitabu vitatu, kaunta buku au kurasa tatu za kompyuta: Maagizo, Mapokezi na Matoleo.
- Ukurasa wa nne wa Ulinganisho. Huu hauandikwi kitu kwa mkono isipokuwa mahitaji ya kazi.
- Futi kamba ya mita 5, na mzani wa kuning'iniza kwa ajili ya nondo.
- Mtu mmoja mwenye ufunguo wa stoo. Wakiwa wawili, ruka mwongozo huu mpaka mkubaliane nani anabaki nao.

## Hatua ya 1: Zipe kazi namba, usizipe majina marefu

Gawa ujenzi kwa kazi unazoweza kuzipima zikiisha. Kwenye saiti yetu: K1 msingi, K2 jamvi, K3 kuta, K4 lenta, K5 lipu. Ongeza K9, "kazi nyingine". Hiyo ni ya vitu vidogo visivyo kwenye mchoro: kuziba shimo, kutengeneza ngazi ya muda, kujengea tenki. Usipoweka K9 vifaa hivyo vitaenda popote pale, na kwa kawaida vinakwenda bila kuandikwa.

Usigawe mno. Niliwahi kuona karatasi yenye kazi 40 kwa nyumba ya chini. Mtunza stoo alichoka siku ya tatu, akawa anaandika kila kitu "kuta".

Utajua umefanikiwa ukimuuliza fundi yeyote "hii ni kazi namba ngapi?" akajibu bila kufikiri.

## Hatua ya 2: Chagua kipimo kimoja kwa kila kifaa

Saruji ni mfuko wa kilo 50. Nondo ni kipande. Tofali ni moja moja. Hapo hakuna ubishi. Shida iko kwenye mchanga na kokoto: oda inasema "tripu 2", hati ya mzigo inasema "tani 7", na fundi anahesabu toroli. Safu tatu zenye vipimo vitatu huwezi kuzilinganisha hata ukikesha.

Tumia mita za ujazo kila mahali. Lori likiingia, panda upime bodi kwa ndani: urefu mara upana mara kina cha mchanga baada ya kusawazisha juu. Bodi ya mita 3.6 kwa 2.1, mchanga ukiwa na kina cha mita 0.6, ni mita za ujazo 4.5. Toroli nayo ipime mara moja: ijaze kwa ndoo ya lita 20 na uhesabu ndoo. Namba hiyo iandike kwenye mlango wa stoo.

Angalizo: mchanga wenye unyevu kidogo hutuna. Ujazo wake unaweza kuzidi ule wa mchanga mkavu kwa robo nzima. Kwa hiyo mchanga uliopokelewa asubuhi baada ya mvua utaonekana mwingi, na wiki ya jua utaonekana umepungua bila mtu kuugusa. Andika "umelowa" au "mkavu" pembeni ya kipimo.

## Hatua ya 3: Tafuta mahitaji ya kazi

Hii ndiyo namba ambayo nyingine zote zitahukumiwa nayo.

Lenta yetu ina urefu wa mita 62, upana wa mita 0.15 na kimo cha mita 0.225. Zidisha, unapata mita za ujazo 2.09 za zege. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4, kila mita moja ya ujazo ya zege lililoshindiliwa inakula mifuko 6.34 hivi ya saruji, mchanga mita za ujazo 0.44 na kokoto 0.88. Kwa hiyo lenta inahitaji mifuko 13.3, mchanga 0.92 na kokoto 1.84. Tukaagiza mifuko 14.

Kwa nini vitu vikavu vinazidi zege lenyewe? Kwa sababu mchanga huingia katikati ya kokoto na saruji katikati ya mchanga. Ujazo mkavu unakuwa mara 1.54 ya zege.

Kwa kuta usitegemee kitabu. Unene wa mota kati ya tofali unatofautiana sana kati ya fundi na fundi, na huo ndio unaoamua saruji. Fanya jaribio: siku tatu za kwanza, hesabu tofali zilizosimama na mifuko iliyoisha. Kwetu, kwa mota ya 1:5 na tofali za inchi 6, mfuko mmoja ulijenga tofali 75. Hiyo ikawa kanuni ya saiti ile, kwa mafundi wale. Ukihamia saiti nyingine, pima upya.

Angalizo: fundi akijua anapimwa, siku hizo tatu anabana mota. Ndiyo maana nasema tatu, si moja. Siku ya tatu mkono unarudi kwenye mazoea yake.

## Hatua ya 4: Kila oda iandikwe kwa kazi, na isifutwe

Oda yetu ilikuwa ya mifuko 60 kwa mara moja, lakini kwenye kitabu iliingia mistari mitatu: K3 mifuko 22, K4 mifuko 14, K5 mifuko 24. Namba ya oda ni moja kwenye mistari yote.

Mkosaji mkubwa hapa ni msimamizi mwenye nia njema. Mzigo ukifika pungufu, anarudi kwenye kitabu na kubadilisha oda ilingane na kilichofika, "ili visigongane". Vinatakiwa vigongane. Pengo hilo ndilo deni la muuzaji, na ukilifuta umemsamehe.

## Hatua ya 5: Pokea kwa mkono na jicho, kisha ndipo usaini

Kinachoingia kwenye Mapokezi ni kilichokubaliwa, si kilichoandikwa kwenye hati ya mzigo. Saruji ihesabiwe ikishuka, si ikiwa imepangwa juu ya lori, kwa sababu katikati ya rundo huwezi kuona. Bonyeza kona za mifuko kwa kidole. Uliogandia ndani unajulikana mara moja. Kwetu hati ilisema 60. Mifuko 2 ilikuwa imelowa na kuganda, tukairudisha palepale, dereva akaandika kwenye hati yake na yetu, akasaini zote mbili. Mapokezi: 58.

Hiyo mifuko 2 tukaipunguza kwenye K5, maana lipu ilikuwa bado mbali. Kazi inayoanza kesho ndiyo ipewe kwanza.

Kwa nondo, kuhesabu vipande hakutoshi. Nondo ya milimita 12 ina uzito wa kilo 0.888 kwa mita, na kipande cha mita 12 kinatakiwa kuwa na kilo 10.7 hivi. Funga vipande 10 na uvipime pamoja. Ikija kilo 95 badala ya 107, umeletewa nondo nyembamba, na karatasi yako itasema "24 zimeagizwa, 24 zimefika" huku chuma kimepungua zaidi ya sehemu moja ya kumi. Pima na urefu. Vipande 24 vya mita 11.6 vimekupunguzia mita 9.6, yaani kasoro kidogo kipande kizima. Andika urefu halisi pembeni.

Utajua umefanikiwa ikiwa kila hati ya mzigo ina angalau mara moja alama ya kalamu ya mtu wako. Hati safi kabisa, mwezi mzima, inamaanisha hakuna anayehesabu.

## Hatua ya 6: Matoleo yaandikwe stoo, asubuhi na jioni

Hapa ndipo safu ya "imetumika" inapozaliwa. Kila kinachotoka kinapata mstari: tarehe, namba ya kazi, kifaa, kiasi, na jina la aliyechukua. Jioni, kilichobaki kinarudi stoo na kinaandikwa kwenye kitabu hichohicho kwa alama ya kutoa mbele. Mfuko uliofunguliwa nusu haurudi. Hesabu umetumika, na utumike kesho asubuhi wa kwanza.

Lenta ilichukua mifuko 17 asubuhi, ukarudi 1. Imetumika 16. Kuta zilichukua 22 kwa siku zote, haukurudi hata mmoja.

Utaona kwamba lenta ilipokea 14 lakini imetumia 16. Usishtuke na usilazimishe namba zilingane. Imeazima 2 kutoka rundo la lipu, na karatasi imekuambia hivyo bila kuulizwa. Andika matoleo pale saruji ilipokwenda kweli, hata kama iliagizwa kwa kazi nyingine.

## Hatua ya 7: Unganisha kwenye ukurasa wa Ulinganisho

Kama unatumia Excel au Google Sheets, kurasa tatu za mwanzo zipangwe sawasawa: A tarehe, B namba ya oda au hati, C kazi, D kifaa, E kipimo, F kiasi. Jina la aliyechukua liwe safu ya G. Kwenye Ulinganisho: A kazi, B kifaa, C kipimo, D mahitaji. Kisha kwenye mstari wa 2 weka hizi, kuanzia E mpaka I:

```
=SUMIFS(Maagizo!F:F,Maagizo!C:C,A2,Maagizo!D:D,B2)
=SUMIFS(Mapokezi!F:F,Mapokezi!C:C,A2,Mapokezi!D:D,B2)
=SUMIFS(Matoleo!F:F,Matoleo!C:C,A2,Matoleo!D:D,B2)
=E2-F2
=G2-D2
```

Ziburute kushuka chini. Kompyuta ikikataa alama ya mkato, jaribu nukta mkato (`;`), inategemea mipangilio ya lugha.

Kosa linalojirudia hapa ni tahajia. "Saruji" na "Sementi" kwa kompyuta ni vifaa viwili. Hata nafasi moja tupu mwishoni mwa neno inatosha kuufanya mstari upotee kwenye jumla. Tengeneza orodha ya kuchagua badala ya kuandika, kisha weka ukaguzi huu kwenye safu yoyote iliyo wazi:

```
=SUM(Matoleo!F:F)-SUM(Ulinganisho!G:G)
```

Jumla hiyo inachanganya mifuko na vipande, kwa hiyo kiujenzi haina maana yoyote. Ila jibu lazima liwe 0. Lisipokuwa 0, kuna mstari umeandikwa vibaya na haujafika Ulinganisho.

Saruji yetu ilionekana hivi siku ya Jumamosi:

| Kazi | Mahitaji | Imeagizwa | Imepokelewa | Imetumika |
|---|---|---|---|---|
| K3 kuta | 20 | 22 | 22 | 22 |
| K4 lenta | 13.3 | 14 | 14 | 16 |
| K5 lipu | 24 | 24 | 22 | 0 |
| Jumla | | 60 | 58 | 38 |

Wanaoandika kwenye kaunta buku wapige mistari hiyohiyo na wajumlishe kila Jumamosi. Inachukua nusu saa.

## Hatua ya 8: Hesabu stoo kwa macho

Sasa toa, lakini kwa kusudi jingine. Wiki ilianza na mifuko 6, ikapokea 58, ikatumia 38. Kitabu kinasema stoo iwe na 26. Ingia uhesabu, na mtunza stoo awepo. Sisi tulikuta 24.

Mifuko 2 imekosekana. Usiiongeze kwenye "imetumika" ya kazi yoyote ili upate amani. Iache kama pengo la stoo, uliza kwanza. Kwetu jibu lilipatikana kabla ya saa sita: Jumapili iliyotangulia fundi mmoja alijenga kifuniko cha karo, akachukua mifuko 2 mtunza stoo akiwa kanisani. Ikaandikwa K9, kwa tarehe ya siku ile na maelezo pembeni. Safu ya "imetumika" ikawa 40 na stoo 24, vikalingana.

Kama isingepatikana, ingebaki imeandikwa "pengo, mifuko 2" mpaka mwisho wa ujenzi. Pengo lililoandikwa halikui. Lililofichwa hukua, maana aliyechukua ameona kwamba inawezekana.

## Hatua ya 9: Pima kazi iliyosimama, kisha ndipo uulize maswali

Una tofauti tatu, na kila moja ina mtu wake wa kuulizwa. Iliyoagizwa na iliyopokelewa ni kati yako na muuzaji. Kitabu na stoo ni kati yako na mwenye ufunguo. Iliyotumika na mahitaji ni kati yako na fundi, na hii ndiyo inayohitaji utulivu.

Kuta: tofali zilizosimama zilikuwa 1,500. Ukigawa kwa 75 unapata mifuko 20, na zimekula 22. Ziada ya asilimia 10. Kwa mota mimi huiacha ipite mpaka hapo, maana kila jioni kuna mota inayobaki kwenye karai na kuganda. Ikizidi hapo naenda kuangalia saa ngapi wanachanganya mara ya mwisho.

Lenta ndiyo iliyoleta maneno. Ilihitaji 13.3, ikala 16. Ni ziada ya asilimia 20, na kwa zege mimi sivuki 5. Mwenye nyumba alishasema "wameuza". Kabla ya kumjibu tulisubiri boksi lifunguliwe, tukapima lenta yenyewe sehemu kumi. Wastani ulikuwa upana wa milimita 170, si 150, na kimo cha milimita 240, si 225. Rudia hesabu: 62 mara 0.17 mara 0.24 ni mita za ujazo 2.53. Mara mifuko 6.34, unapata 16.

Saruji yote ilikuwa ndani ya lenta. Mbao za boksi zilikuwa nyembamba, zimefungwa mbalimbali, zege likazisukuma nje. Dawa yake ilikuwa vibana vya karibu zaidi na mbao nene.

Kuna shahidi wa pili hapa, na huyu hahitaji futi kamba. Zege likiongezeka, kila kitu ndani yake kinaongezeka kwa uwiano. Kokoto zetu zilitoka 2.2 badala ya 1.84, nazo zimepanda kwa asilimia 20 kama saruji. Saruji ingepanda peke yake huku kokoto na mchanga vikibaki palepale, basi ama mchanganyiko ulizidishiwa saruji, ama mifuko ilitoka na haikwenda kwenye zege.

Angalizo kubwa: usifurahie ikitumika pungufu. Lenta ya mita za ujazo 2.09 ikila mifuko 10, hukuokoa mifuko 3. Umemwaga zege dhaifu juu ya madirisha, au vipimo vya lenta vimepunguzwa. Simamisha kazi, pima, na uangalie fundi anavyohesabu ndoo anapochanganya.

Ringi na nondo zikague kabla ya zege, si baada. Kwa ringi za milimita 8 kila sentimita 20, mita 62 zinahitaji 311. Kipande cha mita 12 kinatoa ringi 18 za sentimita 65, kwa hiyo vipande 18. Tembea juu ya lenta ukihesabu. Zege likishamwagwa, safu ya "imetumika" ya nondo inabaki kuwa neno la mtu tu.

## Hatua ya 10: Funga kazi kabla ya kuagiza tena

Kazi ikiisha, andika mstari mmoja wa maelezo kwenye kila tofauti iliyozidi kiwango chako, piga mstari chini, na usiiguse tena. Matoleo yakija na namba ya kazi iliyofungwa, yarudishwe kwa mtunza stoo aulize saruji inakwenda wapi.

Kisha oda inayofuata itokane na stoo iliyohesabiwa, si na karatasi ya zamani. Kwetu lipu ilihitaji mifuko 24, na stoo ilikuwa na 24. Hatukuagiza hata mmoja. Tulimpigia muuzaji atuletee ile 2 anayodaiwa, na ilipofika Jumatano ikaandikwa Mapokezi, K5, kwa namba ya oda ileile.